Kuandika tamko la mwongozaji: filamu ya wafanyakazi wahamiaji mbele ya jopo la ruzuku

Filamu kuhusu wafanyakazi wahamiaji ina shida moja ambayo filamu nyingi hazina: jopo linadhani linaijua kabla ya kuisoma. Pasipoti iliyofungiwa kabatini, chumba cha vitanda vya ghorofa, simu ya usiku kwenda nyumbani, mwili unaorudishwa kwa sanduku. Mambo haya hutokea kweli, na ndiyo sababu yamo karibu katika kila ombi. Niliwahi kuwa msomaji wa mchujo wa kwanza wa maombi ya ruzuku, na siku moja nikasoma matamko manne ya mada hii kwa mfululizo. Nilipofika la nne sikukumbuka tena lipi ni la filamu ipi. Yote yaliandikwa kwa uchungu wa kweli, ila hakuna lililoniambia kamera itasimama wapi.

Hapa nataka tuandike lile ambalo lingenibaki kichwani. Nitatumia mradi wangu mmoja kama mfano kuanzia mwanzo hadi mwisho, tuuite *Zamu*. Wanaume wawili wanalala kitanda kimoja bila kukutana. Mmoja ni kibarua wa ujenzi, anafanya kazi mchana. Mwingine anafanya kazi usiku katika kiwanda cha dobi kinachofua shuka za hoteli. Mwenye bweni amekipangisha kitanda hicho mara mbili, jambo la kawaida mahali ambapo vibarua ni wengi na vyumba ni vichache. Wanajuana kwa joto la godoro, kwa unywele kwenye mto, kwa vitu vinavyosahaulika. Asubuhi moja wa usiku anarudi na kukuta godoro ni baridi. Wa mchana hakulala pale.

Hatua ya kwanza: jua karatasi hii si ya kazi gani

Faili la maombi huwa na muhtasari wa hadithi, skripti au andiko refu la jinsi filamu itakavyokwenda, maelezo ya mtayarishaji, bajeti na ratiba. Tamko la mwongozaji ni kurasa moja hadi mbili kati ya hizo, na baadhi ya fomu hupima hata kwa idadi ya herufi, kwa hiyo soma masharti kabla ya kuandika neno la kwanza.

Kosa la kawaida ni kusimulia hadithi upya. Msomaji ameshasoma muhtasari dakika tano zilizopita. Ukimrudishia nusu ukurasa wa matukio, umemwambia kwamba huna kingine cha kusema. Kosa la pili ni kuomba. "Ruzuku hii itatusaidia kukamilisha ndoto yetu" ni kazi ya barua ya mtayarishaji, na hata huko ningeifuta. Tamko linajibu maswali matatu tu: unaona nini katika hadithi hii ambacho mwingine hakioni, utafanyaje ili mtazamaji naye akione, na kwa nini wewe ndiye uaminiwe na watu hawa.

Hatua ya pili: andika orodha ya "kwa hiyo"

Kabla ya kuandika tamko lenyewe, chukua karatasi na uigawe katikati. Upande wa kushoto andika unayoyaamini kuhusu maisha haya. Upande wa kulia andika kitakachoonekana au kusikika kwa sababu ya imani hiyo. Kati ya pande mbili weka maneno "kwa hiyo". Kama upande wa kulia unabaki mtupu, basi ule wa kushoto bado ni maoni tu, na maoni hayo yanaweza kuandikwa na yeyote asiye mwongozaji.

Kwa *Zamu*, orodha yangu ya kwanza ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Saba ilikufa. Mmoja uliokufa ulisema: "Uhamiaji huvunja utu wa mtu, kwa hiyo..." Nilikaa nao jioni nzima na upande wa kulia haukujaa. Mmoja kati ya minne iliyosalia ulisema: "Kinachowachosha watu hawa zaidi ya kazi ni kwamba hawana mahali ambapo ni pao kwa saa ishirini na nne, kwa hiyo hakuna onyesho ambamo mmoja wao anakaa kitandani bila saa ya mwenzake kuwa inakaribia." Huo una filamu ndani yake. Unamwambia mhariri kitu, unamwambia mwigizaji kitu, na unampa msomaji wa jopo sababu ya kugeuza ukurasa.

Ukibaki na mistari minne mizuri, inatosha. Kurasa mbili hazibebi zaidi ya hapo.

Hatua ya tatu: aya ya kwanza

Hii hapa rasimu ya aina niliyoiona mara nyingi mno:

> Kwa makadirio ya Shirika la Kazi Duniani, mwaka 2019 kulikuwa na wafanyakazi wahamiaji milioni 169 duniani. Nyuma ya kila namba kuna mtu mwenye ndoto na familia. Filamu hii inalenga kuwapa sauti wasio na sauti na kuigusa mioyo ya watazamaji kuhusu janga lililosahaulika.

Takwimu ni ya kweli, na ndiyo inayoiharibu aya. Milioni 169 ni namba ambayo hakuna anayeweza kuiona, na mwongozaji anaajiriwa kwa ajili ya kuona. Sentensi ya pili inajaribu kuitengeneza ya kwanza na inashindwa. Ya tatu ina maneno "wasio na sauti", ambayo kila niliyewahi kumhoji bwenini angeyacheka. Watu hawa wanaongea usiku kucha. Shida ni nani yuko kuwasikiliza kule wanakoongelea. Tena janga hili halijasahaulika na jopo, maana asubuhi hiyohiyo limesoma maombi matatu juu yake.

Sasa rasimu ya *Zamu*:

> Kitanda hiki kina wapangaji wawili na godoro moja. Saa kumi na mbili asubuhi mmoja anaamka, anageuza mto upande wa pili, anatoka. Dakika arobaini baadaye mwingine anaingia, anagusa godoro kwa kiganja kabla ya kuvua viatu. Nilipoambiwa kuhusu kile kiganja, nilijua filamu inaanzia hapo: mtu anayeulizia habari za mwenzake kwa kupima joto aliloliacha.

Haina neno "utu" wala neno "mateso". Ina kitendo kimoja kinachoweza kupigwa picha, na neno "nilipoambiwa", ambalo linafungua mlango wa swali linalofuata: uliambiwa na nani?

Hatua ya nne: sema umesimama wapi

Jopo litajiuliza una uhusiano gani na watu hawa hata kama fomu haijauliza. Waandishi wengi huingiza hapa wasifu wao: shule, tuzo, filamu fupi. Hizo zina ukurasa wake. Kinachotakiwa ni umbali wako na hadithi, ukiutaja kwa ukweli.

Kama uliwahi kulala kitanda cha zamu, sema kwa sentensi moja na uendelee. Usijenge tamko lote juu ya hilo, maana kuishi jambo na kuliongoza kwenye skrini ni kazi mbili. Kama hukuwahi, usijipe uhusiano wa kuazima. Niliwahi kusoma tamko la mtu aliyeandika kwamba anaielewa hali hii kwa sababu naye alisoma ughaibuni kwa mwaka mmoja. Huenda alimaanisha vizuri, lakini msomaji mwenzangu aliliweka pembeni palepale.

Kwa *Zamu* niliandika hivi: "Sijawahi kuishi bwenini. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikikaa na wapangaji wa bweni moja siku yao ya mapumziko, kwanza bila kinasa sauti. Maonyesho sita ya skripti yametokana na walichonieleza, na watu wawili kati yao wameisoma skripti na kunisahihisha. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba wa usiku anamchukia wa mchana. Wakaniambia hapana, anamwogopa, kwa sababu mwenzake akiondoka yeye ndiye atadaiwa kodi ya zamu zote mbili." Marekebisho hayo peke yake yanaonyesha utafiti kuliko kusema "utafiti wa kina umefanyika". Yanaonyesha pia kwamba skripti inaweza kubadilika, jambo ambalo mfuko wowote wa uandishi hutaka kuliona.

Hakikisha tu kwamba ni kweli. Ukiitwa kwenye mahojiano, swali la kwanza huwa hapo.

Hatua ya tano: eleza mtambo, usieleze katili

Msomaji asiyejua maisha haya ana swali moja ambalo halitamki: kwa nini asiondoke tu? Usipolijibu, kila onyesho la ukimya na uvumilivu litaonekana kama udhaifu wa mhusika. Skripti nyingi hulijibu kwa kumleta tajiri mkatili, na hapo ndipo filamu inapokuwa ya mtu mbaya mmoja. Akiondolewa yeye, shida yote inaonekana imekwisha.

Katika maisha yenyewe mara nyingi kinachomfunga mtu ni hesabu na karatasi, na huo ndio mtambo ninaousema. Alilipa dalali wa ajira kabla ya kusafiri, kwa fedha za kukopa. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema katika kifungu cha 7 kwamba wakala binafsi wa ajira hatakiwi kumtoza mfanyakazi ada, si moja kwa moja wala kwa mzunguko, isipokuwa pale nchi inaporuhusu kwa makundi maalumu. Lakini mkataba huzibana nchi zilizouridhia tu, na ada ina majina mengi: mafunzo, vipimo, "gharama za kushughulikia". Karatasi ya pili ni kibali cha kazi kilichofungwa kwa mwajiri mmoja, kiasi kwamba kuacha kazi ni kuacha pia haki ya kuwepo nchini.

Sheria hizi usiziandike kwenye tamko. Ziandike kama hesabu ya mhusika. Yangu ilikuwa hivi: "Wa mchana alikopa mishahara yake kumi ili afike. Nusu ya kila mshahara inakwenda nyumbani, robo inakwenda kwenye deni, robo ni kula na kodi ya kitanda. Kwa mwendo huo deni linaisha mwezi wa arobaini, na mkataba wake ni wa miezi ishirini na minne. Yeye hajawahi kupiga hesabu hii kwa sauti. Filamu ni juu ya wiki anayoipiga." Fanya hesabu mwenyewe na uihakiki: mishahara kumi kugawanywa kwa robo ya mshahara kwa mwezi ni miezi arobaini, na hapo hata riba haijaingia. Msomaji mmoja wa jopo atakuwa mhasibu moyoni, na ataipiga pembeni ya karatasi yako. Ikikubali, amekuamini kwa mengine pia.

Aya hiyo imejibu "kwa nini asiondoke" bila mtu mbaya kuingia chumbani, na imeipa filamu saa yake. Mifuko kama Hubert Bals ya Rotterdam au World Cinema Fund ya Berlin husoma maombi kutoka nchi nyingi, na msomaji wa huko hajui sheria za kwenu. Mtambo ulioelezwa kwa sentensi chache unavuka mpaka. Jina la kanuni ya wizara halivuki.

Hatua ya sita: mkabala, yaani picha, sauti, lugha na watu

Hapa ndipo tamko linapopimwa, na hapa ndipo wengi wanapoandika "kamera ya mkononi, mwanga wa asili, mtindo wa kweli". Maneno hayo matatu yameandikwa mara nyingi hadi hayasemi kitu. Kamera ya mkononi inamfuata nani, inamkaribia lini, na lini inakataa kumkaribia?

Rudi kwenye orodha ya "kwa hiyo". Kwa upande wa picha wa *Zamu*:

> Kitanda kina mahali pamoja pa kamera, kwa urefu uleule na lenzi ileile, asubuhi na jioni. Kinachobadilika ni mwanga na mtu. Wanaume hawa wawili hawatokei ndani ya fremu moja katika filamu nzima, lakini mtazamaji anawaona mahali pamoja mara nyingi kiasi kwamba ataanza kumtafuta mmoja kwenye umbo la mwenzake. Chumba tutakijenga kwa vipimo vya kweli, mita tatu kwa nne, vitanda vinne vya ghorofa, na hatutaondoa ukuta ili kurudisha kamera nyuma. Pale ambapo kamera haiwezi kupita, mtu naye hawezi kupita.

Angalia kwamba kila uamuzi una bei. Chumba cha mita tatu kwa nne ni mita za mraba kumi na mbili, na vitanda vinne vya upana wa sentimita tisini na urefu wa mita mbili vinakula zaidi ya saba kati ya hizo. Fundi sauti atasimama mlangoni, taa zitapangwa juu au nje ya dirisha, na idadi ya shoti kwa siku itapungua. Mwongozaji anayeandika "hatutaondoa ukuta" anaonyesha kwamba amelipia wazo lake. Jina la kamera usiliandike. Halimsaidii msomaji, na litabadilika kabla ya siku ya kupiga picha.

Sauti ndiyo sehemu inayosahauliwa zaidi, na kwa filamu ya kazi ni hasara kubwa, maana kazi ina sauti kabla ya kuwa na picha. Katika *Zamu* bweni liko kati ya kiwanja cha ujenzi na kiwanda cha dobi. Wa usiku anajaribu kulala mchana katikati ya nyundo na mashine ya kuchanganyia zege. Wa mchana analala usiku chini ya mngurumo wa mashine za kufulia. Kwa hiyo kila mmoja analala ndani ya kelele ya kazi ya mwenzake. Baada ya wa mchana kutoweka, nyundo zinaendelea kama kawaida, na mtazamaji anabaki anasikiliza kama kuna moja iliyopungua. Sentensi hii ya mwisho niliiweka kwenye tamko kama ilivyo. Ilinichukua muda mrefu zaidi kuipata kuliko aya nzima ya picha.

Kuhusu lugha, kuwa na uamuzi mmoja ulio wazi. Kwenye sehemu za kazi za wahamiaji mara nyingi kuna lugha ya nyapara, lugha za wenyewe kwa wenyewe, na lugha ya vipande inayozaliwa katikati. Nani atatafsiriwa chini ya skrini? Ukitafsiri kila kitu, umempa mtazamaji uwezo ambao mhusika hana. Katika *Zamu* amri za nyapara hazitafsiriwi mwanzoni. Neno linaanza kutafsiriwa pale mhusika anapokuwa amelijifunza. Jopo litauliza kama mtazamaji hatapotea, na jibu liwemo ndani ya tamko: amri zote za mwanzo zinaambatana na kitendo kinachoonekana. Kama jibu hilo huna, uamuzi huo uache.

Sasa watu. Kuchanganya waigizaji wazoefu na wafanyakazi halisi ni njia ya zamani, na waongozaji wa Italia waliitumia sana baada ya vita vya pili vya dunia. Lakini kwa wahamiaji kuna mtego ambao wengi hawauoni hadi wiki ya upigaji picha. Mtu ambaye kibali chake kimefungwa kwa mwajiri mmoja anaweza kuwa haruhusiwi kisheria kupokea malipo ya kazi nyingine, hata ya siku moja. Ukimlipa, yeye ndiye anayeweza kupoteza kibali. Usipomlipa, unatengeneza filamu ya unyonyaji kwa kazi ya bure. Na uso wake ukionekana wazi, mwajiri naye anaweza kuuona.

Katika tamko, jambo hili halihitaji kurasa, linahitaji sentensi zinazoonyesha kwamba umelifikiria kabla ya jopo:

> Wa mchana ataigizwa na mwigizaji mzoefu, wa usiku na mtu aliyewahi kufanya kazi hiyo na ambaye leo ana hadhi inayomruhusu kufanya kazi nyingine. Wapangaji wa sasa wa bweni hawataonekana kwenye skrini. Wanashiriki kama washauri wa skripti, kwa njia ya malipo itakayothibitishwa na mwanasheria. Kila aliyetupa simulizi anaweza kuiondoa hadi siku tutakapofunga uhariri wa picha.

Ile tarehe ya mwisho ya kuondoa simulizi ni muhimu. Ukiahidi kwamba mtu anaweza kujiondoa "wakati wowote", mtayarishaji wako atakukatalia, kwa kuwa filamu ikishauzwa haiwezekani. Ahadi yenye mpaka inatekelezeka, na msomaji mzoefu anajua tofauti.

Hatua ya saba: liweke tamko kando ya bajeti

Hatua hii ni fupi lakini imeangusha miradi mingi kuliko mtindo mbaya wa kuandika. Chapa tamko, chapa bajeti na ratiba, kaa na mtayarishaji, na kwa kila sentensi ya mkabala mwulize: iko mstari gani? Tamko likisema "mazoezi ya wiki nne na mtu asiye mwigizaji" na ratiba ina siku tatu, msomaji ataamini ratiba. Kama chumba kinajengwa, lazima kuwe na seremala na ukumbi. Mwanasheria uliyemtaja kwenye aya ya watu lazima awe na mstari wake. Sauti uliyoisifia inahitaji siku za kurekodi viwandani bila kamera na muda wa kutosha kwenye uchanganyaji. Kama mstari wa sauti ni mdogo kuliko wa usafiri, aya yako nzuri imegeuka mapambo.

Kumbuka pia kwamba wafanyakazi uliowapa nafasi wana siku moja ya mapumziko kwa wiki, wakati mwingine hata hiyo hawana. Wiki nne za mazoezi kwa mtu kama huyo ni siku nne. Mara moja niligundua hili usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya kutuma maombi, nikalazimika kuandika upya aya ya mazoezi kuwa "siku kumi na mbili katika miezi mitatu". Nadhani ilikuwa aya bora zaidi, kwa sababu ilionyesha najua kalenda ya nani inatawala.

Hatua ya nane: punguza, kisha mpe asiye wa sinema

Rasimu ya kwanza huwa mara mbili ya inayotakiwa. Anza kukata vivumishi: "wenye kugusa", "wa kusisimua", "usiosahaulika". Hayo ni maneno ya mtazamaji baada ya filamu, mwongozaji hana haki nayo kabla. Kisha fanya jaribio hili: chukua kila sentensi na ujiulize kama ingekaa vizuri ndani ya ombi la filamu nyingine ya wahamiaji. Kama ingekaa, ifute. Kwenye *Zamu* jaribio hili liliondoa karibu theluthi ya maneno, ikiwemo aya niliyoipenda kuhusu "nyumbani kama kumbukumbu".

Mtaje mwongozaji mwingine kama kielelezo pale tu unapoweza kusema umechukua nini kwake na umekataa nini. Majina matano makubwa yaliyopangwa foleni yanamfanya msomaji akulinganishe nao, na ulinganisho huo hutaushinda.

Halafu mpe watu wawili. Wa kwanza awe mtu aliyeifanya kazi unayoielezea, akusomee au umsomee kwa sauti kama hasomi lugha ya ombi. Wakati wa *Zamu* aliyesoma alinisimamisha kwenye "anapindua godoro". Hakuna anayepindua godoro kitanda cha juu, akasema, unageuza mto tu. Ndivyo mto ulivyoingia kwenye aya ya kwanza. Wa pili awe mtu asiyejua chochote kuhusu filamu wala uhamiaji. Mpe dakika tatu, chukua karatasi, mwulize ataona nini kwenye skrini. Akijibu "inahusu shida za wahamiaji", rudi hatua ya pili. Yule wa kwangu alijibu, "Kuna mtu anagusa kitanda." Nikatuma.

Kama wakikuita

Mifuko mingi huwaita waliobaki kwa mazungumzo mafupi, na tamko ndilo karatasi watakayokuwa wameifungua mbele yao. Watabonyeza pale penye ahadi nzito. Kwa *Zamu* maswali yalikuwa matatu: kwa nini wasikutane hata mwishoni, itakuwaje mtu asiye mwigizaji akijiondoa, na wa mchana amekwenda wapi. La kwanza nilijibu kwa urahisi, maana wakikutana filamu inageuka ya urafiki, na mwenye bweni anasahaulika. La pili nilikuwa na jina la mbadala na siku za mazoezi zake. La tatu niliwaambia kwamba mimi najua alikokwenda, mwigizaji anajua, na wa usiku hatajua kamwe. Mmoja wao akaandika kitu pembeni, akauliza kama godoro litakuwa la sponji au la pamba, kwa kuwa huenda sponji haishiki joto kwa dakika arobaini. Sikuwa nimelifikiria. Nilirudi bwenini Jumapili iliyofuata na kipimajoto.